Kidole gumba juu ya asilimia 95: uchambuzi wa duveti moja na mito miwili

Tangazo lilikuwa fupi. Duveti ya kitanda cha futi sita, "manyoya laini ya bata bukini asilimia 100, mpya kabisa", na mito miwili ya aina hiyohiyo, vyote vimetoka kwenye belo la Marekani. Muuzaji yuko Karume, Dar es Salaam. Mnunuzi ana nyumba ya wageni Njombe, ambako Juni na Julai blanketi moja halimtoshi mgeni. Bei iliyotajwa ilikuwa karibu mara tatu ya duveti ya poliesta ya ukubwa huohuo, na picha zilizotumwa zilikuwa tano. Mzigo wenyewe ungeshikwa mkononi baada tu ya pesa kutumwa na basi kufika, kwa hiyo kila alichotaka kukijua ilibidi akisome pichani.

Tumekichagua kisa hiki kwa sababu kina madai matatu ya uongo, na kila moja lilijitokeza mahali pake. La kwanza lilikuwa kwenye lebo yenyewe, ambayo haikusema kabisa kile muuzaji alichosema. La pili lilikuwa kwenye neno moja la lebo, neno la kweli lililoeleweka vibaya. La tatu halikuwa kwenye lebo yoyote. Lilikuwa kwenye mshono wa mto mmoja.

Kabla ya picha, tuelewane kuhusu kinachojazwa ndani, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Bata na bata bukini wana manyoya ya aina mbili. Kuna manyoya ya kawaida, yenye uti katikati na mashavu mawili. Halafu chini yake, hasa kifuani, kuna vinyoya laini kama ua la pamba lililofumuka, visivyo na uti. Hivi vinyoya ndivyo vinavyoshika hewa na kutia joto bila uzito, na ndivyo vilivyo ghali. Kwenye lebo za Kiingereza vinyoya huandikwa DOWN na manyoya ya kawaida huandikwa FEATHERS. Mtu anayekuuzia "duveti ya manyoya" huenda anasema kweli tupu, ila amekupa kile cha bei nafuu kwa bei ya kile cha ghali. Katika makala haya, tukisema vinyoya tunamaanisha vile laini tu.

Picha ya kwanza ilikuwa duveti imekunjwa kitandani, ya pili lebo ndogo ya kitambaa iliyofumwa picha ya ndege mwenye shingo ndefu, ya tatu lebo nyeupe ya kisheria, ya nne lebo ya maelekezo ya kufulia, na ya tano mito miwili imelazwa ubavuni. Tuanze na ya tatu.

Lebo nyeupe ya kisheria

Marekani, majimbo mengi yana sheria inayomlazimisha mtengenezaji wa godoro, mto au duveti kushonea lebo inayotaja kilichomo ndani, kwa kuwa mnunuzi hawezi kukiona. Sheria hizi zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambazo magodoro yalijazwa matambara machafu na mabaki ya vitanda vya wagonjwa kisha kuuzwa kama mapya. Lebo yenyewe ni rahisi kuitambua: nyeupe, ya karatasi ngumu isiyochanika kirahisi, upana usiopungua sentimita 5 na urefu usiopungua sentimita 7 na nusu, maandishi meusi ya herufi kubwa. Juu kabisa kuna onyo kwamba isiondolewe na mtu yeyote isipokuwa mlaji. Onyo hilo linamhusu muuzaji wa dukani kule Marekani. Mwenye kitanda ana haki ya kuikata siku ya kwanza. Ndiyo maana duveti ya mtumba isiyo na lebo hii si ya kushukiwa kwa sababu hiyo tu. Imekosa shahidi, basi.

Hapa shahidi alikuwapo, ila amezibwa mdomo. Pichani lebo ilikuwa imejikunja, na kidole gumba cha mpiga picha kilikaa upande wa kulia. Yaliyosomeka yalikuwa maneno ALL NEW MATERIAL juu, kisha chini yake neno DOWN peke yake. Huenda hakukuwa na hila: lebo hizi hujikunja zikifuliwa, na mtu akizishika huzishika ukingoni. Lakini upande wa kulia ndiko asilimia zinakoandikwa, na picha ya lebo isiyoonyesha asilimia haina thamani yoyote. Mnunuzi aliandika:

"Kaka, duveti nimeipenda. Naomba unipigie tena ile lebo nyeupe, uinyooshe mezani yote ionekane, mbele na nyuma. Na mito nayo naomba picha ya kingo zote nne, halafu kila mmoja umweke kwenye mizani."

"Dada, mizani ya nini tena? Hiyo mito ni pea, iko sawasawa."

"Kama ni pea uzito utalingana, kaka. Dakika mbili tu."

Lebo iliponyooshwa ilisomeka hivi (namba ya usajili tumeiacha):

```
ALL NEW MATERIAL
CONSISTING OF
DUCK FEATHERS    95%
DUCK DOWN         5%
REG. NO. PA ..... (CN)
FINISHED SIZE  106 IN X 90 IN
NET WT OF FILLING  92 OZ
```

Asilimia hizi ni za uzito, na kilicho kingi hutangulia. Kwa hiyo ndani ya duveti hii kuna manyoya ya kawaida ya bata sehemu 95 na vinyoya sehemu 5. Bata bukini hayumo kabisa. Kwa kulinganisha, kanuni zinazotumika Marekani zinataka bidhaa inayoitwa ya vinyoya iwe na angalau asilimia 75 ya vinyoya kamili, na ikitajwa kuwa ya bata bukini, angalau asilimia 90 ya hivyo vilivyomo viwe vya bata bukini kweli. Mtengenezaji hakudai lolote kati ya hayo. Lebo yake ni ya kweli kwa kila tunachoweza kukipima, na duveti ya 95 kwa 5 ni bidhaa halali na ya kawaida sana. Uongo ulizaliwa Karume.

Ulizaliwaje? Picha ya pili na ya nne zinajibu. Lebo ya kufulia ilikuwa na maneno SHELL 100% COTTON, yaani kitambaa cha nje ni pamba tupu. Ile lebo ndogo ya kitambaa ilikuwa na ndege mwenye shingo ndefu, nembo tu ya biashara. Chukua "100%" ya ganda, ongeza ndege wa nembo, ongeza neno DOWN lililoonekana pembeni mwa kidole, na hapo una "bata bukini asilimia 100". Tumeona madai mengi yakiundwa kwa namna hii, kila kipande kikiwa cha kweli mahali pake. Ukiona asilimia 100 kwenye tangazo, swali la kwanza liwe: ni ya ganda au ya kilichomo ndani? Lebo ya kufulia mara nyingi huzungumzia ganda, lebo nyeupe huzungumzia kilichomo ndani, na moja haiwezi kujibu kwa niaba ya nyingine.

Namba ya usajili ina kazi yake pia. Herufi mbili za mwanzo ni jimbo lililotoa namba, hapa Pennsylvania, na zile zilizo kwenye mabano ni nchi ya kiwanda, hapa China. Namba hiyo ni ya kiwanda kilichojaza, wala haimtambulishi mwenye nembo, kwa hiyo usishangae kuikuta namba moja kwenye duveti za nembo kumi tofauti. Kinachotia shaka ni lebo iliyoandika sifa kubwakubwa halafu pa namba pakawa patupu, au maneno ya kisheria yenye makosa ya tahajia. Mtengenezaji halisi huyachapa maneno hayo kama yalivyo kwenye kanuni, mwaka baada ya mwaka.

Neno NEW

Dai la pili lilikuwa "mpya kabisa". Muuzaji alipoulizwa alirudisha picha ya lebo na kuzungushia duara jekundu maneno ALL NEW MATERIAL. Alikuwa anaamini anachosema, na ni kosa linalofanywa na wauzaji wengi waaminifu. Maneno hayo yanasema kwamba siku duveti inajazwa kiwandani, manyoya yaliyotumika hayakuwa yamewahi kutumika kwenye bidhaa nyingine. Duveti iliyolaliwa miaka kumi bado ina lebo hiyohiyo. Kinyume chake ni lebo yenye neno SECONDHAND, ambayo katika majimbo mengi huwa nyekundu, ikimaanisha kwamba kilichojazwa kilishatumika kabla.

Upya wa duveti husomwa kwenye lebo kwa njia nyingine, kwa kuangalia jinsi wino na karatasi vilivyochakaa. Lebo isiyowahi kufuliwa ni bapa, pembe zake kali, na wino wake unang'aa kidogo ukiupigia mwanga wa pembeni. Ikishafuliwa mara tatu nne huanza kuwa na mikunjo midogomidogo kama karatasi iliyofinyangwa na kufunguliwa, na wino hukatika pale mikunjo inapopita. Lebo ya duveti hii ilikuwa imejikunja na kukatika wino kwenye herufi za mstari wa chini. Imefuliwa, tena si mara moja. Hilo si aibu kwa mtumba, lakini "mpya kabisa" ilibidi litoke kwenye bei.

Uzito na unene: hesabu moja yenye faida

Mstari wa mwisho wa lebo ndio wanaousoma wachache, nao peke yake ungetosha kumaliza ubishi. Wakia 92 ni kama kilo 2.6 za kilichojazwa. Duveti ya vinyoya vizuri ya ukubwa huu hujazwa takriban kilo moja hadi moja na nusu, kwa sababu vinyoya vichache hujaza nafasi kubwa. Ukiona kilo mbili na nusu, umeshajua kwamba ndani kuna kitu kizito zaidi.

Hesabu inakwenda hivi. Vinyoya vya ubora wa kati hujaza inchi za ujazo kama 600 kwa kila wakia, na kipimo hicho ndicho wauzaji wanachokitaja wanaposema namba ya ujazo. Wakia 92 mara 600 ni inchi za ujazo 55,200. Eneo la duveti ni 106 mara 90, yaani inchi za mraba 9,540. Gawanya, unapata unene wa inchi 5.8, karibu sentimita 15. Duveti nene kama godoro la mtoto! Picha ya kwanza ilionyesha duveti imekunjwa tabaka nne, na chupa ya maji ya lita moja na nusu imesimama kando. Rundo lote lilifika kama theluthi mbili ya chupa, tuseme sentimita 20 na kidogo. Kila tabaka ni sentimita tano tu.

Tusiitie hesabu hii nguvu isiyokuwa nayo. Mishono ya miraba hubana duveti hadi bapa kila inapopita, na tabaka za juu hukandamiza za chini, kwa hiyo hata ya vinyoya vitupu isingefika 15 ikiwa imekunjwa. Halafu kuna belo. Mzigo wa mitumba hubanwa kwa mashine na kukaa hivyo wiki nyingi baharini, na vinyoya vikitoka humo vimelala kama vimekufa. Anayepima unene siku belo linapofunguliwa atavihukumu vibaya vinyoya vizuri. Duveti ikung'utwe, ianikwe mahali pakavu penye upepo siku nzima, ikung'utwe tena, ndipo ipigwe picha. Tofauti ya 15 na 5, baada ya siku mbili za kuanikwa, ni kubwa mno kuelezwa na mishono na belo peke yake, na hapa ilikubaliana na lebo.

Mishono ya miraba

Duveti ilishonwa miraba ya sentimita kama 35, sindano ikipita moja kwa moja kutoka ganda la juu hadi la chini. Duveti ghali za vinyoya mara nyingi zina vikuta vya kitambaa ndani, vinavyosimamisha kila mraba kama kisanduku. Kwa nje utaona mshono ambao hauvuti juu na chini kukutana, na mraba unabaki umejaa hadi ukingoni. Mshono unaopenya moja kwa moja si ushahidi wa udanganyifu, ila ni dalili ya duveti ya bei ya chini au nyepesi.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuwa kwenye matundu ya sindano. Tulipokuza picha ya mraba mmoja, vitu vidogo mithili ya ncha za majani vilikuwa vimechomoza kwenye mstari wa mshono, vinne au vitano kwa urefu wa kiganja, na kila kimoja kina uti mgumu katikati. Hizo ni ncha za manyoya ya kawaida. Vinyoya navyo hupenya, lakini hutoka kama vumbi jeupe au nyuzi za utando, havichomi. Mchomo wa uti ndio unaomfanya mgeni alalamike kwamba duveti inamdunga usiku, na kwa nyumba ya wageni hilo lina maana kuliko joto lenyewe.

Kama ingekuwa poliesta, mshono ungeonyesha mambo mengine. Poliesta huwekwa kama shuka nene isiyokatika, kwa hiyo fundi anaweza kushona maua, mawimbi au mistari inayozungukazunguka bila kufunga mraba wowote. Manyoya ni vipande vilivyo huru. Usipoyafungia kwenye miraba au mifereji yanahamia miguuni. Duveti yenye mshono wa kuzungukazunguka usiofunga popote haina manyoya, hata lebo yake iseme nini. Na ukiona badala ya uzi kuna vidoti vilivyobonyea, vilivyoyeyushwa kwa mashine bila uzi wowote, ganda ni la plastiki na ndani karibu daima ni poliesta. Maneno DOWN ALTERNATIVE nayo humaanisha poliesta inayoiga vinyoya. Neno la pili likikatwa kwenye picha, la kwanza linabaki likidanganya.

Mito: mahali lebo inapoishia

Lebo za mito yote miwili zilikuwa sawa: manyoya ya bata 95, vinyoya 5, wakia 38 za kujaza, sawa na kilo 1.08. Ganda la mto wa ukubwa ule lina uzito wa gramu mia moja hivi. Kila mto ulipaswa kufika karibu kilo 1.2. Kwenye mizani ya jikoni, wa kwanza ulisoma kilo 1.16. Wa pili ulisoma 0.74.

Lebo ya mto wa pili haikuwa ya kughushi. Ilikuwa imeshonewa kwenye ukingo wake wa awali, ndani ya mshono wa kiwandani ambao haukuguswa, na matundu ya sindano kwenye lebo yalilingana na ya kitambaa. Hili tulilitazama kwa makini, maana lebo iliyohamishwa hujulikana hapo: huwa na mstari wa matundu matupu ya mshono wa zamani, kisha mstari mwingine wa uzi mpya ulioishikiza. Lebo ilisema kweli kuhusu siku mto ulipotoka kiwandani. Yaliyotokea baadaye uliyajua mshono wa upande wa pili.

Muuzaji alitumwa kupiga picha ya ukingo kwa namna hii: simu umbali wa kiganja kimoja, mwanga wa dirisha uje kutoka ubavuni, sarafu iwekwe kando kwa kipimo, kisha vidole gumba viwili vivute kitambaa kila upande hadi uzi uonekane ndani ya mshono. Bila kuvutwa, mshono hufumba na kila kitu kinafanana. Mwanga wa mbele wa tochi ya simu nao hauna msaada, unafuta vivuli vya matundu.

Pande tatu za mto zilikuwa na mshono wa kiwandani: pindo jembamba lenye mistari miwili iliyo sambamba, hatua za sindano fupi na sawa, uzi uliogeuka rangi ya maziwa pamoja na kitambaa. Upande wa nne ulikuwa na mstari mmoja, hatua ndefu zaidi, uzi mweupe wa kung'aa. Kando ya uzi huo, milimita mbili tatu juu yake, palikuwa na safu ya vitundu vitupu, vimepangana kama nyayo za mdudu. Pale ndipo uzi wa kwanza ulipopita kabla ya kufumuliwa.

Mtu asikimbilie kuhukumu kwa kuona mshono mmoja tofauti. Kila mto una mdomo wake, mahali mrija wa kujazia ulipoingia, na mdomo huo hufungwa mwisho, mara nyingi kwa mshono usiofanana na mingine. Tofauti ni mbili. Mdomo wa kiwandani hauna vitundu vitupu kando yake, kwa sababu haujawahi kufumuliwa. Na uzi wake umezeeka sawa na kitambaa, umefuliwa nacho. Uzi mweupe unaong'aa kwenye kitambaa kilichofubaa ni mgeni. Hapa vitundu na uzi vilisema jambo moja, na mizani ikaongeza kwamba zaidi ya gramu 400 zimeondoka.

Mto uliofumuliwa hauna maana moja tu. Pengine mwenye mto kule Marekani aliupunguza kwa sababu ulikuwa mgumu, akaushona tena. Watu hufanya hivyo. Pengine manyoya yalitolewa na poliesta ikatiwa. Kupambanua hayo kwa picha, mnunuzi aliomba moja ya mwisho: mto uwekwe juu ya tochi ya simu gizani. Kwa ganda jeupe jembamba, manyoya huonyesha vijiti vyeusi vilivyolala huku na huku. Mto wa kwanza ulijaa vijiti. Wa pili ulikuwa wingu la kijivu lenye mabonge, na kijiti hata kimoja hakikuonekana. Mabonge hayo ni ya nyuzi za poliesta zilizofuliwa zikaviringana.

Godoro, kwa kuwa liliingia njiani

Katikati ya mazungumzo muuzaji alimtajia mnunuzi pia godoro la springi, "la hotelini, Marekani". Hatukulichambua sana, ila mambo mawili yatajwe. Magodoro yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu Julai 2007 yana lebo ya pili, ya usalama wa moto, inayotaja 16 CFR PART 1633 na kuandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Duveti na mito haina tarehe hiyo. Na utepe unaozunguka ukingo wa juu na wa chini hushonwa kiwandani mzunguko mmoja. Utepe wenye vitundu vitupu kando, au chini yake kitambaa cha pili chenye maua mengine kinachochungulia, ni godoro lililovalishwa nguo mpya juu ya ile ya zamani. Picha za godoro hili hazikuonyesha lebo yoyote wala ukingo, na mnunuzi aliliacha.

Ilivyoamuliwa

Mnunuzi hakumtukana mtu. Alituma picha tatu zilizozungushiwa duara: asilimia kwenye lebo, vitundu kwenye ukingo, na mizani mbili kando kwa kando. Akaandika kwamba duveti ataichukua kwa bei ya duveti ya manyoya ya kawaida iliyotumika, mto wa kwanza vivyo hivyo, na wa pili hataki. Muuzaji alijibu baada ya saa moja: "Dada nimekuelewa. Mimi nanunua belo limefungwa, sikujua kusoma hizo. Mto wa pili nakupa bure, uufungue mwenyewe." Walikubaliana.

Mzigo ulipofika Njombe, mto ulifunguliwa kwa kufumua ule mshono mpya, ambao ulitoka kwa kuvuta uzi mmoja. Ndani palikuwa na poliesta ya mabonge, na kwenye pembe mbili za ganda, pale mkono wa aliyeufumua ulipokuwa haujafika vizuri, manyoya machache ya awali yalikuwa bado yamenasa. Bonge moja lilichomwa kwenye kijiko: likayeyuka likawa tone gumu jeusi. Unyoya uliochomwa kando yake ulinuka kama nywele zilizoungua na kubaki jivu la kusagika.

Manyoya yale ya pembeni yalikuwa yamepinda kama mkono wa kijiko, yenye mashavu laini chini na hayana kinyoya cha pili kwenye shina, jinsi yalivyo manyoya ya ndege wa majini. Ya kuku na bata mzinga kwa kawaida yamenyooka zaidi, na kwenye shina lake hutoka kinyoya kingine kidogo. Hadi hapo lebo ilithibitika. Kupambanua bata na bata bukini kwenyewe hakuwezekani kwa macho wala kwa picha ya simu. Maabara hutazama vifundo vidogo vya nyuzi za vinyoya kwa hadubini. Hapa halikuhitajika, kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe aliandika bata.

Duveti inatumika. Imetiwa ndani ya foronya kubwa ya pamba iliyofumwa karibukaribu, kuzuia ncha zisimdunge mgeni, na ncha zinazochomoza husukumwa zirudi kwa kuvuta kitambaa cha upande wa pili. Zisivutwe nje, maana kila unyoya unaotolewa hupanua tundu na kuufungulia njia unaofuata.